Mama na Mtoto wa Sehemu: Maneno ya Hisabati katika Kitabu cha Shanghai cha Mwaka 1859

Katika mwaka wa 1859 kilipigwa chapa mjini Shanghai kitabu cha Kichina chenye sehemu kumi na nane, jina lake *Dai weiji shiji*. Kilikuwa ni tafsiri ya kitabu cha shule cha Mmarekani Elias Loomis, kilichotoka kwa mara ya kwanza karibu na mwaka 1850, ambacho kilifundisha jiometri ya kialjebra na kalkulasi. Hapana kitabu kingine kilichotangulia kuwapa Wachina elimu ya kalkulasi kwa lugha yao. Kwa hiyo wafasiri wake hawakuwa na kamusi ya kuitegemea. Kila neno la elimu hiyo iliwapasa kulitafuta katika vitabu vya kale, au kulijenga upya, au kuliazima kwa sauti yake. Jinsi walivyochagua yafaa kuangaliwa kwa makini, maana maneno yao mengi yangali yakitumika hadi leo katika Uchina, Japani, Korea na Vietnam, hali alama walizozibuni pamoja na maneno hayo zimekufa zote.

Wafasiri walikuwa wawili. Mmoja ni Li Shanlan, aliyezaliwa mwaka 1811 katika wilaya ya Haining, jimbo la Zhejiang; wa pili ni Alexander Wylie, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1815 na kufika Shanghai mwaka 1847 kuangalia mtambo wa chapa wa wamisionari. Li alifika Shanghai mwaka 1852, na mara wakaanza kazi pamoja. Li hakujua Kiingereza. Wylie alijua Kichina, walakini si kwa kiasi cha kuandika nathari ambayo wasomi wa Kichina wangekubali kuisoma. Basi walifuata desturi iliyokwisha kuwako tangu zama za Majesuti: mgeni akieleza maana kwa mdomo, na mwenyeji akiandika kwa kalamu yake. Kwa njia hii walitafsiri kwanza vile vitabu tisa vya mwisho vya Euklidi, vilivyokuwa vimebaki tangu Matteo Ricci na Xu Guangqi walipotoa sita vya kwanza mwaka 1607. Na baada ya hapo wakatafsiri aljebra ya Mwingereza De Morgan, iliyotoka mwaka ule ule wa 1859.

Njia hiyo ina tokeo moja ambalo msomaji asilisahau. Mtu aliyechagua neno hakuliona neno la kigeni. Hakujua kama neno la Kiingereza lilitoka katika Kilatini, wala Kilatini kilikuwa na maana gani. Alichopokea ni maelezo, na neno alilolitoa lilikuwa ni jina la yale aliyoyafahamu katika maelezo hayo.

Tena Li alikuwa na mambo yake mwenyewe ya kuyafahamu kwayo. Kabla hajaonana na Wylie, katika mwaka wa 1845, alikwisha kuandika juu ya njia ya kupata eneo la duara kwa kurundika tabaka nyembamba zisizo na mwisho, katika maumbo aliyoyaita mapia yenye ncha. Kalkulasi haikumfikia kama jambo geni kabisa, bali kama jina jipya la kazi aliyokwisha kuianza.

Neno jepesi litangulie. Katika hesabu za sehemu, ile namba ambayo katika madarasa ya Kiswahili huitwa asili, Wachina huiita *fenmu*, yaani mama wa sehemu. Na ile iitwayo kiasi huiita *fenzi*, mtoto wa sehemu. Li hakuyabuni maneno haya. Yamo katika kitabu cha kale kiitwacho *Jiuzhang suanshu*, yaani Milango Tisa ya Hesabu, ambacho Liu Hui alikiandikia sherehe mwaka 263; na yamo pia katika maandishi ya vipande vya mianzi yaliyofukuliwa katika miaka ya 1980 kutoka kaburi la Zhangjiashan, la karne ya pili kabla ya Kristo. Jina la Kilatini, ambalo ndilo mzazi wa lile la Kiingereza, lina maana ya "mtoa jina", kwa kuwa namba ile ndiyo inayosema kama vipande ni theluthi au ni humusi. Wachina hawakufikiri juu ya kutoa jina, bali juu ya kuzaa: mama huamua ukubwa wa kipande, na mtoto huhesabiwa kwa kipande hicho.

Ubora wa istilahi hii huonekana inapotumika katika kanuni. Milango Tisa yauliza: theluthi moja na humusi mbili zikijumlishwa, jumla yake ni nini? Kanuni yasema kwamba mama wazidishe watoto kwa mkingamo, mazao yajumlishwe, kisha mama wazidishwe wao kwa wao. Mama ni 3 na 5. Watoto ni 1 na 2. Mama wa pili amzidishe mtoto wa kwanza, tano mara moja ni 5, mama wa kwanza amzidishe mtoto wa pili, tatu mara mbili ni 6, jumla 11. Mama kwa mama ni 15. Jawabu ni 11/15. Liu Hui alieleza kwa nini ni lazima kufanya hivyo: mama wakizidishana huwa kitu kimoja, na watoto hawana budi kufuata mabadiliko ya mama zao ili thamani isipotee. Maelezo haya mtoto wa shule huyashika kwa wepesi, kwani majina yenyewe yamekwisha kumwambia nani amfuate nani. Neno asili la Kiswahili lina fahari ya namna hiyo hiyo, maana asili ni chimbuko; walakini kiasi hakikuzaliwa na asili kwa dhahiri kama mtoto na mama, na jozi yao haishikamani kwa nguvu ile.

Hapo pana jambo la ajabu kidogo. Katika kitabu cha Shanghai mama huandikwa juu ya mstari na mtoto chini yake, kinyume cha Ulaya. Theluthi mbili imeandikwa 3 juu na 2 chini. Hili nalo Li hakulianza; desturi hiyo imo katika *Tongwen suanzhi*, kitabu cha hesabu kilichotolewa na Li Zhizao na Ricci mwaka 1613. Hapo kale zaidi, Wachina walipohesabu kwa vijiti juu ya ubao, kigawanyo kilikaa chini na kigawanywa juu yake, hivyo mtoto alikuwa juu ya mama kama ilivyo Ulaya. Huenda sababu ya kugeuza ni msemo. Kwa Kichina theluthi mbili husemwa "katika sehemu tatu, mbili", yaani mama hutajwa kwanza. Na maandishi yaliyosomwa kutoka juu kwenda chini yalifuata ulimi. Kwa msomaji aliyekulia humo hapakuwa na shida. Lakini mwanafunzi aliyetoka katika kitabu hiki na kufungua kitabu cha Kiingereza alisoma kila sehemu kichwa chini, na kosa lake halikuonekana mara moja, kwani 3/2 ni namba halali kama 2/3. Aligundua mwishoni tu, jawabu lilipokataa.

Sasa liangaliwe neno lenye uzito zaidi, lile la integrali. Huko Ulaya jina hili lilipata ushindani. Leibniz alipenda kuiita elimu hiyo hesabu ya kujumlisha, na alama yake ∫ si kitu ila herufi S ndefu, ya kwanza katika neno la Kilatini la jumla. Johann Bernoulli alipendelea neno litokanalo na "kizima", na kaka yake Jakob akalitia katika chapa mwaka 1690. Nalo ndilo lililoshinda. Hivyo Ulaya imebaki na alama ya Leibniz na neno la Bernoulli, alama ikisema jumla na neno likisema uzima.

Li Shanlan aliandika *jifen*. *Fen* ni kipande au sehemu, ile ile iliyomo katika mama wa sehemu. *Ji* ni kurundika, kukusanya kidogo kidogo kama nafaka ghalani; tena katika hesabu za kale za Kichina *ji* lilikuwa ni neno la eneo, la ujazo, na la zao la kuzidisha. Kwa hiyo *jifen* ni "vipande vilivyorundikwa", na papo hapo humkumbusha msomaji eneo. Mwenzake, lile la diferenshali, ni *weifen*: *wei* ni kitu kidogo mno kisichoonekana, basi *weifen* ni "vipande vidogo mno". Yakiwekwa pamoja, *weiji*, ni jina la kalkulasi yote: vidogo na mrundiko wake.

Maneno haya ni mazuri, na uzuri wake una dosari ambayo wasifiaji wake huipita upesi. Kitabu cha Loomis hakikufundisha hivyo. Kwa Loomis kalkulasi ya integrali ni kinyume cha kalkulasi ya diferenshali tu: mtu hupewa diferenshali na kutakiwa atafute ile fanksheni iliyoizaa. Hakuna mrundiko katika maana hiyo. Na diferenshali yenyewe aliieleza kwa kima cha kubadilika, yaani namba moja inaongezeka kwa upesi gani nyingine inapoongezeka, wala si kwa vipande vidogo. Mwanafunzi wa Kichina alisoma juu ya ukurasa jina linalosema "rundika vipande", na chini ya jina hilo akakuta maelezo ya kurudi kinyumenyume. Jina lilitoka katika mapia ya Li ya mwaka 1845. Maelezo yalitoka Amerika. Yeyote aliyesoma kitabu kile bila mwalimu hapana shaka alipata taabu ya kujua kwa nini kinyume cha mabadiliko kiitwe mrundiko, na swali lake lilikuwa halali, kwani hilo ndilo fundo kuu la kalkulasi lenyewe: kwamba kurundika na kurudi kinyume ni kazi moja. Jina lilitangaza hukumu kabla ya ushahidi kutolewa.

Katika alama Li alikwenda mbali kuliko katika maneno. Alibakiza alama za kuzidisha, kugawanya na sawasawa. Ile ya kujumlisha hakuweza kuibakiza, kwa kuwa msalaba + ndio herufi ya Kichina ya kumi. Mtu angesoma "tatu kumi nne". Badala yake alichukua ⊥ kwa kujumlisha na ⊤ kwa kutoa, nazo ni maumbo ya kale ya maneno "juu" na "chini". Herufi za Kilatini alizitoa zote. Mahali pa herufi ishirini na mbili za kwanza aliweka yale maneno kumi na kumi na mawili ambayo Wachina huhesabia miaka, na mahali pa nne za mwisho akaweka vitu, mbingu, ardhi na mtu. Hivyo x ikawa mbingu, y ardhi, z mtu. Herufi kubwa zilipatikana kwa kuongeza umbo la mdomo ubavuni. Herufi za Kiyunani zilipewa majina ya vituo ishirini na vinane vya mwezi.

Alama mbili za kalkulasi zenyewe alizikata kutoka katika maneno yake. Katika herufi ya *wei* alichukua upande wa kushoto peke yake, akauweka mahali pa d. Katika herufi ya *ji* akachukua upande wa kushoto vile vile, akauweka mahali pa ∫. Kwa akili ndivyo alivyofanya Leibniz, aliyechukua herufi ya kwanza ya jumla. Tofauti ni kwamba ule upande wa *ji*, ukisimama peke yake, ni herufi kamili yenye maana ya mmea wa nafaka. Basi mlingano huu,

∫ 3x² dx = x³

katika kitabu cha Shanghai ulisomeka kwa herufi zake: nafaka, tatu, mbingu, kisha mbili ndogo begani mwa mbingu, kipande cha *wei*, mbingu, sawasawa, mbingu, na tatu ndogo begani. Aliyefundishwa aliona kalkulasi. Asiyefundishwa aliona nafaka na mbingu, na aliweza hata kudhani ni shairi lililoharibika. Tena namba za Kichina mbili na tatu ni mistari mitupu, miwili na mitatu, na mistari hiyo ikiandikwa midogo begani mwa herufi nyingine, mkono wa mnakili ukichoka kidogo kipeo cha tatu hugeuka kuwa cha pili. Njia pekee ya kulitambua kosa ni kuifanya hesabu yote upya.

Yafaa kuwa mwadilifu kwa Li. Aliwajua wasomaji wake. Katika mwaka wa 1712 Mjesuti Jean-François Foucquet alimwandikia mfalme Kangxi kitabu cha aljebra ya herufi, na jina la elimu hiyo akaliandika kwa sauti, *aerrebala*, lile lile neno la Kiarabu ambalo Kiswahili hulisema aljebra. Mfalme alilalamika kwamba herufi ikizidishwa kwa herufi hakuna ajuaye imepatikana nini, na kitabu kikawekwa kando. Li na Wylie waliliacha lile jina la sauti wakaandika *daishu*, "namba za badala", ambalo lilimweleza msomaji sababu ya herufi kuwako. Waliona kwamba elimu iliyokwisha kukataliwa mara moja haikuweza kuingia tena ikivaa nguo za kigeni waziwazi. Walipokosea ni kudhani kwamba alama nazo ni maneno. Neno hutafsiriwa kwa sababu watu hulisema; ∫ haisemwi na lugha yoyote.

Kwa nini lakini neno la uthibitisho lisitoke katika kitabu hiki? Katika Euklidi ya mwaka 1607, Ricci na Xu Guangqi waligawa kila tamko katika mafungu. Moja lilianza kwa *jie*, maelezo ya kinachodaiwa. Jingine kwa *fa*, njia ya kuchora. Na lile la uthibitisho lilianza kwa *lun*. *Lun* ni hoja, mjadala, au insha, lile ambalo msomi huliandika juu ya utawala au maadili. Wafasiri hawakuwa na neno karibu zaidi. Liu Hui alikwisha kutoa sababu za kanuni zake katika karne ya tatu, tena sababu zenye nguvu, lakini hakuzipa umbo maalumu la kutoka katika misingi iliyokubaliwa hatua kwa hatua, na kisicho na umbo hakipewi jina. Li alipomaliza Euklidi aliufuata mtindo wa waliomtangulia.

Udhaifu wa *lun* ni kwamba hoja yaweza kushindwa na hoja nyingine. Aliyesoma *lun* juu ya pembe za pembetatu alikuwa na haki ya kudhani kwamba msomi mwingine ataandika *lun* ya kumjibu. Waarabu walipokuwa wakitafsiri Wayunani walikuwa na *burhan*, ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa burhani, na ndani yake mna ushahidi unaokata shauri. Wachina walipata neno la namna hiyo baadaye, *zhengming*, "kushuhudia hadi kudhihirika". Na lilienea kama istilahi ya hisabati kwa njia ya vitabu vya shule kutoka Japani, ambako husomwa *shomei*.

Njia hiyo ya Japani ndiyo iliyoamua mengine pia. Kitabu cha Shanghai kilivuka bahari mapema, na mwaka 1872 kilitolewa huko kikiwa na maelezo ya Kijapani. Wajapani waliyapenda maneno na hawakuzihitaji alama. Chama cha hisabati cha Tokyo, kilichoanzishwa mwaka 1877, kilikutana tangu 1880 kusawazisha istilahi, na katika mwaka wa 1889 Fujisawa Rikitaro alitoa orodha yake ya maneno ya hisabati kwa Kiingereza na Kijapani. *Weifen* na *jifen* yalikuwa tayari ni *bibun* na *sekibun*. Mama na mtoto wa sehemu ni *bunbo* na *bunshi*. Mlingano wenyewe Wajapani waliuandika kama Ulaya, kutoka kushoto kwenda kulia, x ikiwa x.

Uchina kwa wakati huo ilizishikilia alama za Li. Hua Hengfang na John Fryer, katika tafsiri yao ya kalkulasi iliyotoka mwaka 1874 katika karakana ya silaha ya Jiangnan, waliandika nafaka na mbingu vile vile. Li mwenyewe alifundisha hisabati katika chuo cha Tongwenguan mjini Beijing hadi alipofariki mwaka 1882. Mitihani ya zamani ya serikali ilipofutwa mwaka 1905, shule mpya zilihitaji vitabu kwa haraka, na walimu waliorudi kutoka Japani walikuja navyo. Ndani yake Wachina walikuta maneno yao wenyewe, na mlingano wa kigeni. Katika miaka michache mama alishuka chini ya mstari na mtoto akapanda juu, jina la kila mmoja likibaki lile lile.

Ni neno moja tu kati ya hayo makubwa ambalo Wajapani walilivunja baadaye. Kwa fanksheni Li aliandika *hanshu*, na akaeleza: namba inayobadilika iliyo na namba nyingine inayobadilika ndani yake ni *hanshu* ya ile ya pili. *Han* ni kubeba ndani, na pia ni kasha. Maana hiyo yafaa kwa 3x², ambamo x yaonekana imekaa. Haifai kwa fanksheni isiyo na fomula, ambayo kila x imepewa thamani yake tu bila kubebwa na chochote. Wajapani hulisoma *kansu*. Orodha ya herufi za matumizi ya kila siku iliyotolewa na serikali ya Japani mwaka 1946 haikuwa na herufi ya kasha, kwa hiyo shule zikaanza kuandika mahali pake herufi nyingine yenye sauti hiyo hiyo ya *kan*, ambayo maana yake ni uhusiano. Mwanafunzi wa Tokyo husema neno lile lile alilosema babu yake, na huandika "namba ya uhusiano". Mwanafunzi wa Beijing angali anaandika kasha.